Barua Zikome, Uanachama Ubaki

Kazi yangu ni kujibu watu waliokasirika. Naifanya nikiwa Timbwani, katika chumba cha nje cha nyumba ya mama mkwe wangu, kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo inayouza mazoezi ya viungo kwa simu. Watu wanalipia uanachama kila mwezi, wanarukaruka siku tatu, wanachoka, kisha wananiandikia mimi.

Nusu ya barua zao zina kilio kimoja. Mtu amechoshwa na barua pepe za kampuni, akabonyeza yale maandishi madogo ya chini kabisa, "jiondoe," na barua zikakoma. Akadhani ameshaachana na sisi. Mwezi unaofuata kadi yake inakatwa kama kawaida, naye ananijia juu: si nilijiondoa? Nami namjibu kwa upole nilioukariri, kwamba kujiondoa kwenye barua ni jambo moja na kusitisha uanachama ni jambo jingine. Barua zina mlango wake, na malipo yana mlango wake. Aingie kwenye akaunti yake, afungue sehemu ya uanachama, asitishe huko.

Jawabu hilo nimeliandika mara nyingi hata naliota. Ndiyo maana nilijiona bingwa. Nilikuwa nimejiwekea kanuni moja, na niliwahi kumfundisha msichana mgeni kazini kwa sauti ya mtu mwenye hekima: "Mteja akisema anataka kujiondoa, usimsikilize. Anachotaka ni kuacha kulipa, ila hajui kusema." Usimsikilize. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na hakuna aliyenilazimisha.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanatabu, ni fundi wa nguo za maharusi. Mtu akitaka gauni la kuolewa upande huu wa kivuko, atafika kwake kwanza. Miaka miwili nyuma alijiunga na chama kimoja cha washonaji cha mtandaoni, kinaitwa Mkasi na Uzi, kinachoendeshwa na akina mama wawili kutoka Nairobi. Kwa malipo ya kila mwezi unapata ramani za kukatia nguo, unazifungua kwenye simu au unaenda kuzichapisha, na kila Alhamisi saa tisa kuna darasa la moja kwa moja ambapo wanachama wanaonana kwa kamera. Yeye alijiunga tangu mwanzo mwanzo, akawekewa bei ya waanzilishi, ambayo haipandi maadamu hujakatisha.

Shida ilikuwa barua. Mkasi na Uzi wanaandika kama watu waliolipwa kwa neno. Ofa ya vifungo. Picha za wiki. Mawaidha ya asubuhi. Ofa ya vifungo tena, labda ya kwanza haikuonekana.

Siku hiyo alikuja na simu mkononi na utepe wa kupimia shingoni, mimi nikiwa nimezama kwenye barua za watu wangu.

"Zuleikha."

"Abee, mama."

"Hebu nitoe kwenye hawa Mkasi na Uzi. Barua zao zinanijazia simu, hata jumbe za wateja sizioni."

"Wanakuchosha?"

"Wamenichosha wallahi. Barua saba kwa siku! Mimi mtu wa mkasi, si mtu wa kusoma."

Basi bingwa akatabasamu. Kanuni yangu ikasimama mbele yangu kama askari: anachotaka ni kuacha kulipa, ila hajui kusema. Nikaona nimfanyie kazi kamili, si ile ya kubonyeza maandishi madogo halafu mwezi ujao aje kulia kadi imekatwa. Nikaingia kwenye akaunti yake, ilikuwa wazi tayari. Nikafungua sehemu ya uanachama. Nikabonyeza "Sitisha."

Ukurasa ukaniuliza sababu. Nikachagua "Sababu nyingine." Ukaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ukaniambia kwamba nikisitisha, bei ya waanzilishi itapotea na haitarudi. Hapo nikacheka kabisa. Kampuni yangu nayo ina ukurasa kama huo, nami nauita ukurasa wa vitisho. Nikabonyeza kwa mara ya mwisho, na maandishi yakatokea kwamba uanachama utaendelea kutumika hadi tarehe kumi na nne, mwisho wa mwezi uliokwisha kulipiwa.

"Nimemaliza, mama," nikasema.

"Mungu akuweke, mwanangu. Elimu kitu kikubwa."

Aliporudi kwenye cherehani yake niliendelea kujibu barua zangu huku nikijiona mwema.

Sasa sikiliza uzuri wa kazi niliyoifanya. Uanachama niliukata, lakini barua sikuzigusa. Sikubonyeza yale maandishi madogo hata mara moja, kwa sababu mimi si mtu wa maandishi madogo, mimi ni mtu wa mambo makubwa. Jina la mama likabaki kwenye orodha ya wapokeaji, tena likahamishiwa kwenye fungu la watu wanaoondoka, ambao huandikiwa zaidi ili warudi. Haya yote nayajua. Kampuni yangu inafanya vilevile, na baadhi ya barua hizo nimezihariri kwa mkono wangu.

Baada ya siku nne akanijia.

"Mwanangu, mbona zinaongezeka?"

"Mama, mitambo huchukua siku. Wakati mwingine hata kumi."

Akaridhika. Baada ya wiki akarudi tena, safari hii ananionyesha barua yenye picha ya sindano inayolia.

"Wanasema wananikosa. 'Tunakukosa, Mwanatabu.' Wananikosa vipi, na jana Alhamisi nilikuwa nao darasani, nimewaonyesha kola yangu?"

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini bibi huyu bado anahudhuria darasa kwa furaha, kama kweli alitaka kuondoka. Mimi nikamwambia, "Hizo zinaandikwa na mashine, mama. Usizitilie maanani." Akaenda zake akiionea huruma mashine.

Kulikuwa pia na barua iliyothibitisha kwamba uanachama umesitishwa, yenye tarehe, saa na kila kitu. Ilifika siku ileile. Ilizikwa chini ya ofa tatu za vifungo, na hakuna aliyeiona.

Tarehe kumi na nne ikapita. Tarehe kumi na tano ilikuwa Alhamisi. Wakati huo mama alikuwa na gauni la Alawiya, binti wa jirani zetu, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ya pili yake. Mwili wa gauni ulikuwa umeshakatwa na kushonwa kwa ramani ya Mkasi na Uzi. Mikono bado. Ile mikono ndiyo Alawiya aliyoipenda, yenye mikunjo begani na inayobana kwenye kifundo cha mkono, na mama alikuwa akiifungua ramani yake kwenye simu kipande kwa kipande kila anapoihitaji, akiona karatasi ya kuchapisha ni ubadhirifu.

Saa nane na nusu nikasikia jina langu. Lilitamkwa polepole, kwa silabi zake zote.

"Zu-lei-kha."

"Abee, mama."

"Ramani ya mikono haifunguki. Njoo unisomee hapa. Labda miwani yangu ina ukungu."

Nikasoma. *Uanachama wako umekwisha. Tungependa urudi! Jiunge upya leo.* Chini yake palikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa mara tatu ya ile aliyokuwa akilipa.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuisingizia mashine, maana mashine ilishazoea. Lakini mama alikuwa akinitazama, na ana macho ya mtu anayeona mshono uliopinda kutoka upande wa pili wa chumba.

"Mama," nikasema, "nadhani ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Nilisitisha uanachama."

Akavua miwani, akaiweka juu ya cherehani. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Ulisema nikutoe kwenye barua."

"Na wewe ukasikia nini?"

Nilimweleza ile kanuni yangu, kwamba wateja wengi husema hivi wakimaanisha vile, na kadiri nilivyoieleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama maneno ya mtu mwenye homa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia yeye.

"Mwanangu," akasema, "mteja akiniambia anataka mkono mrefu, mimi simkatii mfupi kwa kudhani ana joto."

Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasorobo. "Leo Salsabil wa Lamu anatuonyesha utarizi wa kofia," akasema. Akaikumbatia simu kifuani na kuingia ndani. Hapo ndipo nilipoona kwamba kitu kilichomuuma hakikuwa bei wala ramani.

Nilikimbilia kompyuta yangu. Nikawaandikia Mkasi na Uzi barua ndefu, yenye aya sita, nikaeleza kila kitu: barua nyingi, uanachama, kosa langu, gauni, harusi, bei ya waanzilishi. Niliiandika kama mtaalamu anayemwandikia mtaalamu mwenzake. Jawabu likaja baada ya saa moja, limetiwa saini na mtu anayeitwa Janice.

*Habari Zuleikha. Pole kwa usumbufu wa barua zetu. Ili kuacha kuzipokea, tafadhali bonyeza "jiondoe" chini ya barua yoyote. Uwe na siku njema!*

Nililisoma mara mbili. Nilijua kabisa kilichotokea. Janice alikuwa na barua hamsini mbele yake, akaona maneno "barua nyingi" kwenye mstari wa pili, akaacha kusoma, akanitupia jawabu alilolikariri. Hakunisikiliza. Alikuwa amefundishwa na mtu kama mimi.

Nikaandika tena, safari hii mistari mitatu. Janice akajibu vizuri zaidi, akaomba radhi, lakini akasema akaunti si yangu, hivyo hawezi kuigusa wala kuizungumzia nami. Ombi litoke kwa mwenye akaunti, kwa anwani iliyosajiliwa. Hilo nalo nalijua. Mimi huwakatalia watu kwa sababu hiyohiyo kila siku, waume kwa wake na watoto kwa wazazi, na huwa najisifu kwa uangalifu wangu.

Ikabidi nimwendee mama na simu yake.

"Wanataka uandike wewe mwenyewe."

"Mimi nitatamka, wewe andika," akasema. "Na uandike ninachosema. Usinifasirie."

Nikakaa chini kwenye mkeka, naye akaendelea kupiga pasi kitambaa huku akitamka:

"Mimi ni Mwanatabu wa Timbwani. Mkaza mwanangu, msichana msomi, nilimwomba azuie barua zenu, yeye akanifukuza chamani. Sikutaka kutoka. Nataka darasa langu na ramani zangu kwa bei yangu. Barua za vifungo sizitaki. Hayo tu."

"Niandike 'msichana msomi'?"

"Andika. Wajue ilivyokuwa."

Nikaandika. Nikatuma. Ilikuwa Alhamisi jioni, na Ijumaa ilipita bila jawabu. Jumamosi na Jumapili ofisi yao hufungwa.

Gauni halikuweza kungoja. Jumamosi asubuhi mama akaamua kuchora mikono mwenyewe, kwa kichwa chake, kama alivyofanya miaka yote kabla ya kuwa na simu. Alihitaji mkono wa kupimia, na Alawiya alikuwa ameshafungiwa ndani kwa mambo ya kusuguliwa singo na kupakwa hina. Mkono ukapatikana karibu. Nilisimama katikati ya chumba siku mbili, mkono wa kushoto umenyooshwa, umezungushiwa karatasi za khaki na kuchomwachomwa na pini, huku mkono wa kulia ukiwajibu watu wa mazoezi. Mume wangu, Anwar, alirudi kutoka zamu ya bohari ya mafuta Changamwe akanikuta nimesimama hivyo.

"Una nini?" akaniuliza.

"Ametumwa kazi," mama akajibu badala yangu. "Leo anaifanya kama alivyoambiwa."

Anwar aliniangalia, akamwangalia mama yake, akasema anakwenda kuoga.

Nikiwa nimesimama hapo, mteja mmoja wa kampuni yangu aliandika kwamba anaomba kujiondoa. Neno moja tu, kujiondoa. Vidole vyangu vikaanza kuandika lile jawabu la kukariri, vikasita. Nikamuuliza: unataka barua zetu zikome, au unataka uanachama na malipo yakome, au vyote viwili? Akajibu kwa ukali kwamba ni barua tu, alishaeleza, na je, watu wa kampuni hii hawajui kusoma? Nilimshukuru. Nadhani hakuelewa kwa nini nilimshukuru sana.

Jumatatu saa nne Janice akajibu, na sasa aliandika kama mtu anayezungumza na mtu. Alisema barua ya Bi Mwanatabu imesomwa ofisini kwa sauti. Alisema kwa kawaida bei ya waanzilishi ikishakatika hairudishwi, ila kwa kuwa siku chache tu zimepita na mwenye akaunti hakusitisha mwenyewe, wameirudisha kwa safari hii moja. Malipo ya mwezi yatakatwa leo kwa bei ya zamani, na kila kitu kitafunguka. Halafu akaeleza kuhusu barua: kwenye akaunti kuna ukurasa wa kuchagua barua, ambao una visanduku. Kisanduku cha ofa, cha picha za wiki, cha mawaidha, cha taarifa za darasa. Ondoa alama kwenye usivyovitaka. Risiti na taarifa za malipo zitaendelea kuja, kwa sababu hizo si matangazo.

Nilimpelekea mama simu. Nikaweka kidole changu tayari juu ya kioo.

"Ondoa," akasema.

Nilidhani anasema kisanduku cha ofa.

"Ondoa kidole."

Akavaa miwani. Akasoma kila kisanduku kwa sauti, na baada ya kila kimoja akatulia akifikiri, kama anayechagua vitambaa. Ofa akaitoa. Mawaidha akayatoa. Taarifa za darasa akaziacha. Picha za wiki akazitazama kwa muda mrefu.

"Hizi zina nguo za watu wa Kisumu," akasema. "Wanashona vizuri wale. Ziache."

Akabonyeza "Hifadhi" mwenyewe, kwa nguvu, kama anayegonga muhuri. Barua za vifungo zikakoma tangu siku hiyo. Hazikuchukua hata siku kumi.

Akaifungua ramani ya mikono, akailinganisha na ile aliyoichora kwenye mkono wangu. Ya kwake ilikuwa imeshuka begani kidogo zaidi. Nikasema tuifuate ya chama. Akanitazama juu ya miwani. Akashona ya kwake.

Alhamisi saa tisa kasoro dakika tano aliniita, akaniambia nivute kiti nikae karibu naye mbele ya simu. Nyuso zikaanza kutokea moja moja kwenye kioo, wanawake kutoka Lamu, Nakuru, Kisumu na kwingine, kila mmoja na cherehani yake nyuma. Wakamwona, wakaanza kupiga kelele.

"Bi Mwanatabu! Tulidhani unaumwa!"

"Tulimwuliza mwalimu, akasema umejitoa. Mimi nikasema haiwezekani."

Salsabil wa Lamu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso, na alisema alimwekea kofia moja bila kuimaliza, ili amwonyeshe mshono wa mwisho.

Mama aliwaacha wote wamalize. Sikuwahi kumwona amekaa wima namna ile. Kisha akanishika bega, akanisogeza katikati ya kioo ambapo nyuso zote zingeniona vizuri.

"Sikujitoa," akawaambia. "Nilitolewa. Na aliyenitoa ni huyu hapa, kazi yake ni kufundisha watu namna ya kujitoa."

Walicheka mpaka sauti ikaanza kukatikakatika. Mwalimu aliniuliza jina, nikamtajia. Mwanamke mmoja wa Nakuru akauliza kama naweza kumsaidia, kwani na yeye barua za vifungo zimemzidi.

Kabla sijafungua mdomo, mama akamjibu:

"Fungua ukurasa wa kuchagua barua. Nitakuelekeza mimi."